Kununua bajaji kwa murabaha (na lini uombe ubia badala yake): hatua kwa hatua, na hesabu zake ukilinganisha na mkopo wa riba

Watu wengi wanaingia benki ya kiislamu wakiwa na swali moja tu, "riba yenu asilimia ngapi?", afisa anawajibu "sisi hatuna riba, tuna faida asilimia 15", wanaona ni yale yale wanaondoka, au wanaona ni nafuu kuliko ile 18 ya benki ya jirani wanasaini hapo hapo. Wote wawili wameumia. Kwahiyo hapa naandika kwa yule anayetaka kwenda kweli, iwe Amana, PBZ, dirisha la kiislamu la NBC, CRDB Al Barakah au KCB Sahl, na wenzetu wa Kenya wenye Gulf African au Premier (ile ya zamani First Community). Sitaki kubishana na mtu kama ni halali au sio halali, hilo kila mtu ana sheikh wake. Nataka ujue unachosaini ni nini na kinakugharimu shilingi ngapi.

Jambo lenyewe ni hili: benki ya riba inakuuzia hela. Inakupa milioni 7 unarudisha milioni 8 na kitu, wewe na hiyo hela mtajuana. Benki ya kiislamu hairuhusiwi kuuza hela, kwahiyo ina njia mbili kubwa za kukusaidia. Ya kwanza inanunua kitu unachokitaka alafu inakuuzia wewe kwa bei ya juu kidogo, unalipa polepole, hiyo ndo murabaha. Ya pili inaingia na wewe kwenye biashara kama mbia, mkipata mnagawana, mkipata hasara mnabeba wote, hiyo ndo musharaka (na ndugu yake mudaraba). Asilimia kubwa ya wateja wa kawaida wataishia kwenye murabaha, ndo maana nitakaa sana hapo.

Hatua ya kwanza: jiulize unataka kitu au unataka hela mkononi

Kama unataka bajaji, friji la duka, mashine ya kusaga, mabati, saruji, gari, murabaha inakufaa. Kama unataka hela ya ada, mishahara ya vijana wako au kulipa deni la mtu, murabaha haikufai, kwa sababu hakuna kitu cha benki kununua na kukuuzia. Kuna benki zinazunguka hilo kwa kukununulia madini kwenye soko la kimataifa na kuyauza siku hiyo hiyo kwa niaba yako ili ubaki na kash, inaitwa tawaruku. Baraza la Kimataifa la Fikihi la OIC, ile jumuiya ya nchi za kiislamu, lilikaa Sharjah mwaka 2009 likasema tawaruku ya kupangwa namna hiyo haifai, ila baadhi ya kamati za sharia za mabenki zinaikubali. Ukiletewa, uliza kabisa ni nini wananunua na nani anakuuzia.

Sasa kuna mchezo unachezwa mtaani na ni bora niuseme. Mtu anataka kash, anaenda kwa rafiki yake mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anaandikiwa profoma ya mabati ambayo hayapo, benki inalipa duka, mwenye duka anakata chake anampa jamaa hela zilizobaki. Hakuna bati lililotoka stoo. Hapo umebeba mkopo wa riba kwa jina la murabaha, umelipa faida ya benki na mgao wa mwenye duka juu yake, na umedanganya benki kwa maandishi, ambayo ni kesi. Siku hizi maafisa wanakwenda kuona mzigo site, wanapiga na picha.

Hatua ya pili: profoma, na usilipe kitu chochote dukani

Nenda kwa muuzaji wa bajaji, chagua, omba profoma. Iandikwe kwa jina la benki, na jina lako liwekwe kama mteja anayepelekewa. Hapa ndo watu wanaharibu bila kujua. Mtu ameipenda bajaji, anaogopa itachukuliwa, anaacha laki 5 kama ya kuishikia, anapewa risiti yenye jina lake. Kisharia tayari umeshaanza kuinunua wewe, na benki haiwezi kukuuzia kitu ambacho ni chako. Benki makini itakuambia urudishiwe hiyo laki 5 kwanza au mauziano yale yafutwe kwa maandishi. Benki isiyo makini itapita nayo kimya kimya, na ukiona hivyo anza kuwa na wasiwasi na vingine vyote vinavyofuata.

Vile vile muuzaji asiwe wewe mwenyewe au kampuni yako. Benki kununua kitu kwako alafu kukuuzia tena wewe kwa bei ya juu, hiyo ni riba iliyovalishwa kanzu tu.

Hatua ya tatu: hesabu, na hapa usiwe na haraka

Tuchukue mfano. Bajaji dukani ni milioni 9 (bei ya mfano, wewe weka ya kwako). Benki inataka kianzio cha asilimia 20, yani 1,800,000, yenyewe inaweka 7,200,000. Faida yao asilimia 15 kwa mwaka, muda miezi 24.

Afisa atapiga hivi: asilimia 15 ya 7,200,000 ni 1,080,000 kwa mwaka, mara miaka 2 ni 2,160,000. Kwahiyo benki inakuuzia bajaji kwa 11,160,000. Toa kianzio, unabaki na deni la 9,360,000, gawanya kwa 24, rejesho ni 390,000 kila mwezi mpaka mwisho.

Sasa nenda benki ya riba, wanakuambia asilimia 18 kwa salio linalopungua, yani riba inapigwa kwenye kile kilichobaki tu sio kwenye deni lote la mwanzo. Kwa 7,200,000 hiyo hiyo na miezi 24 hiyo hiyo, rejesho linakuja kama 359,450. Jumla utalipa karibu 8,627,000. Umeona? Ya "15" inakugharimu 9,360,000 na ya "18" inakugharimu 8,627,000, tofauti kama laki 7 na 33 elfu.

Sababu ni kwamba ile 15 ni ya flati. Faida imepigwa kwenye 7,200,000 nzima kwa miaka 2 yote wakati wewe kila mwezi unapunguza deni. Ukiigeuza iwe kwenye salio linalopungua inakuwa kama asilimia 26 na nusu. Kwa muda wa miaka 2, kadirio la haraka ni kuchukua asilimia ya flati ukazidisha mara 1.8, unapata karibu na ukweli. Na hili sio kosa la benki za kiislamu peke yake, taasisi nyingi tu za mikopo midogo midogo zenye riba zinatangaza flati vile vile, na kuna benki za kiislamu zinazopiga faida yao kwa salio linalopungua kabla ya kuifunga iwe bei moja. Kwahiyo swali lako dirishani liwe mawili tu: "jumla ya bei mtakayoniuzia ni shilingi ngapi?" na "rejesho la mwezi ni shilingi ngapi?". Asilimia waachie wao. Kwa mfano wetu, ili murabaha iwe sawa na ule mkopo wa 18, faida ya benki ingetakiwa iwe kama 1,427,000, karibu asilimia 10 ya flati, na hiyo ni namba unayoweza kwenda nayo mezani ukaombea punguzo. Ni mauziano, na kwenye mauziano watu wanabishana bei.

Juu ya hapo weka vile vidogo vidogo: ada ya kufungua faili, bima kubwa, mwanasheria, kifaa cha kufuatilia chombo. Vipo pande zote mbili, usivilinganishe kwa upande mmoja tu. Na kama unalinganisha na bajaji ya mkataba, ile unapeleka hesabu kwa bosi kila siku mpaka iwe yako, piga jumla ya hesabu zote kwa miezi yote alafu toa bei ya dukani. Utashangaa.

Sasa mtu atauliza, kama ni ghali kwa nini niende? Jibu moja ni imani, na hilo halina hesabu. Jibu la pili ni kwamba bei haipandi. Mikopo mingi ya riba ina kipengele kinachoiruhusu benki kubadilisha kiwango. Kenya walionja hili, Benki Kuu yao ilipandisha kiwango chake mpaka asilimia 13 Februari 2024, na wenye mikopo iliyofungwa kwenye viwango vya soko wakaona marejesho yanapanda au muda unarefuka. Aliyenunua kwa murabaha mwaka mmoja kabla aliendelea na rejesho lile lile, kwa sababu bei ikishasainiwa hata benki ikitaka haiwezi kuigusa. Ila na upande wa pili ni hivyo hivyo, riba zikishuka sokoni wewe hushuki nazo.

Hatua ya nne: ahadi na kianzio

Ukikubaliana na barua ya ofa unasaini karatasi ya ahadi, kwamba benki ikinunua hii bajaji wewe utainunua kwao. Angalia vizuri, hiyo ni ahadi tu, bado sio mauziano, kwa sababu benki bado haina bajaji. Kianzio chako nacho kwa wakati huu kinashikiliwa kama dhamana ya ahadi.

Ukibadilisha mawazo benki ikiwa imeshanunua, wana haki ya kufidia hasara halisi na sio zaidi. Mfano wakaiuza kwa mtu mwingine kwa 8,600,000 wakati waliinunua 9,000,000, wanakata laki 4 kwenye 1,800,000 yako wanakurudishia 1,400,000. Hawaruhusiwi kukukata ile faida ya 2,160,000 ambayo wangeipata. Kama mkataba unasema kianzio chote kinapotea, uliza kamati yao ya sharia imepitisha vipi hicho kipengele, utaona afisa anavyoanza kupiga simu makao makuu.

Hatua ya tano: benki inunue kweli, na tarehe zifuatane

Hapa ndo roho ya murabaha ilipo. Benki lazima ilipe dukani, ipokee bajaji, iwe mali yake hata kwa saa moja, ndo ikuuzie. Kwa muda huo ikiungua yadi ni hasara ya benki, wewe hudaiwi kitu. Huo ndo mzigo unaowapa haki ya kuchukua faida, bila huo wanakukopesha tu.

Mara nyingi benki haina mtu wa kutuma, kwahiyo inakufanya wewe wakala wake. Unapewa barua ya uwakala, benki inalipa muuzaji moja kwa moja (hela isipite kwenye akaunti yako), wewe unakwenda kupokea bajaji kwa niaba ya benki, unasaini hati ya makabidhiano, alafu unawajulisha benki kwamba mzigo umepokelewa. Usiiwashe ukaanza kubeba abiria siku hiyo, bado sio yako. Ndo sasa inakuja karatasi ya mauziano yenyewe, benki inasema nimekuuzia, wewe unasema nimenunua.

Toa karatasi zote ulizopewa uzipange mezani uangalie tarehe na ikiwezekana saa. Mpangilio unaotakiwa ni huu: ahadi, uwakala, malipo kwa muuzaji, hati ya makabidhiano, mauziano. Ukikuta mauziano yana tarehe ya nyuma kuliko malipo kwa muuzaji, benki imekuuzia kitu ambacho haikuwa nacho. Na kama ulikalishwa siku moja ukasainishwa karatasi zote tano kwa mkupuo kabla hata bajaji haijalipiwa, na watu wengi ndivyo wanavyofanyiwa kwa kisingizio cha kukuokolea nauli, basi kilichofanyika pale ni mkopo wenye makaratasi mengi. Kataa kwa upole. Sema karatasi ya mauziano nitakuja kuisaini siku nikishapokea chombo. Hiyo ni haki yako na benki inayojielewa haitanuna.

Hatua ya sita: soma mkataba wa mauziano kwa vipengele vitatu

Mkataba lazima uonyeshe bei ya kununulia, faida, jumla na tarehe za marejesho, kila kitu kwa shilingi. Kikikosekana kimoja sio murabaha, maana murabaha ni mauziano ambayo muuzaji anakuonyesha mtaji wake. Na kama duka liliipa benki punguzo kabla ya kukuuzia, bei ya kununulia inayoandikwa ni ile baada ya punguzo.

Kipengele cha ubovu wa chombo. Benki ni muuzaji wako, kwahiyo bajaji ikiwa na ubovu uliojificha kimsingi unaidai benki. Lakini mikataba mingi inasema umeikagua umeridhika na madai yoyote peleka kwa muuzaji wa mwanzo kwa waranti yake. Sio haramu, ila ujue, na ndo maana ikague bajaji vizuri siku ya kupokea, uwe na fundi wako.

Kipengele cha kuchelewa na cha kuwahi, hivi nitavieleza peke yake kwa sababu ndivyo vinavyomgusa mteja kila siku.

Ukichelewa

Kwenye mkopo wa riba ukichelewa, riba inaendelea kukimbia na penati juu yake, kwahiyo deni linakua. Kwenye murabaha deni ni 9,360,000 na litabaki hivyo hata ukichelewa miezi 3 kwa sababu ulilazwa. Benki haiwezi kukuambia "tunakuongezea muda lakini ongeza na laki 3", hiyo ndo ile riba ya kijahiliya kabisa. Inaweza kukuongezea muda bure.

Lakini usidhani kwahiyo hakuna kinachokupata. Mikataba mingi ina ahadi kwamba ukichelewa bila sababu utatoa kiasi fulani kwenda sadaka, hiyo hela inatoka mfukoni mwako kweli, tofauti ni kwamba benki hairuhusiwi kuiandika kama pato lake. Uliza inaenda wapi na kama wana taarifa yake. Taarifa zako za kuchelewa zinaenda kwenye mfumo wa taarifa za mikopo kama za mtu mwingine yeyote. Na ukishindwa kabisa bajaji inauzwa, benki inachukua inachodai, kinachobaki ni chako.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuna topapu ya murabaha. Huwezi kurudi mwezi wa 10 ukasema niongezeeni milioni 2 juu ya deni. Unataka kitu kingine? Profoma mpya, mauziano mapya, mwanzo mwisho.

Ukitaka kumaliza mapema

Hapa murabaha inaweza kukubana kuliko riba na wachache wanakuambia. Tuseme umelipa mwaka mmoja, umepata hela, unataka kumaliza. Kwenye ule mkopo wa 18 salio lako litakuwa kama 3,921,000 (plasi ada ya kufunga mapema kama ipo). Kwenye murabaha unadaiwa marejesho 12 yaliyobaki, yani 4,680,000, kwa sababu ni bei ya kitu na ulishakubali kuilipa yote.

Benki inaweza kukusamehe sehemu ya faida, inaitwa ibra. Viwango vya AAOIFI, lile shirika la Bahrain linaloandika kanuni za benki za kiislamu, vinaruhusu msamaha huo mradi usiwe umewekwa kama sharti kwenye mkataba. Malaysia wao benki kuu yao iliamua tofauti, inazilazimisha benki kuutoa. Kwetu unategemea benki. Kwahiyo kabla ya kusaini uliza kwa mdomo, na ikiwezekana kwa barua pepe: "wateja waliomaliza mwaka mmoja kabla, mlikuwa mnawasamehe kiasi gani?". Wakisamehe faida yote ya mwaka wa pili ungelipa 3,600,000, wasiposamehe hata senti ni 4,680,000. Kati ya hapo kuna zaidi ya milioni, sio hela ya kuachia "tutaona". Kama unajua kabisa utamaliza mapema, omba muda mfupi tangu mwanzo. Faida ya miezi 12 ni 1,080,000 tu.

Lini uombe ubia badala ya murabaha

Kama unachofanya ni biashara ya mzigo ambayo faida yake haijulikani mpaka uuze, murabaha inakubebesha deni la uhakika juu ya biashara isiyo na uhakika. Hapo ndo unaomba musharaka. Ngoja tuione kwa hesabu.

Unaagiza kontena la vigae. Mtaji milioni 50, wewe una 20 benki inaweka 30. Mnakubaliana mgao wa faida: wewe asilimia 60 kwa sababu ndo unakimbizana na bandari na wateja, benki 40. Mgao wa faida mnaupanga mnavyotaka, lakini hasara haina majadiliano, inafuata mtaji, kwahiyo hasara yako asilimia 40 benki 60. Biashara inaisha kwa miezi 6.

Mambo yakienda vizuri mkapata faida ya milioni 10, wewe 6 benki 4. Ungekopa ile milioni 30 kwa riba ya 18 kwa mwaka ukalipa mwisho wa miezi 6, riba ni 2,700,000, ungebaki na 7,300,000. Hapo mkopo umeushinda ubia. Sasa bei ya vigae imeanguka mmepata hasara ya milioni 5. Kwenye ubia yako ni milioni 2, ya benki 3. Kwenye mkopo hasara yote milioni 5 ni yako na riba 2,700,000 unailipa vile vile, jumla umepoteza 7,700,000. Mstari upo kwenye faida ya 6,750,000, chini ya hapo ubia ni nafuu kwako, juu yake mkopo ni nafuu. Mfanyabiashara mwenye uhakika na soko lake ataona benki inamlia, anayeingia kwenye bidhaa mpya atashukuru ana mwenzake wa kuzama naye.

Na hapo hapo unaelewa kwa nini benki zinakuwa nzito kutoa musharaka. Mwenye biashara nzuri anakwenda murabaha, mwenye biashara ya mashaka ndo anataka ubia, alafu akipata faida anawaambia amepata kidogo. Kwahiyo ukienda kuomba, kitakachokupitisha ni vitabu. Peleka mizunguko ya nyuma ya mzigo kama huo: ulinunua shilingi ngapi, ushuru, usafiri, stoo, uliuza siku ngapi kwa bei gani, na hela ziwe zilipita benki au kwenye lipa namba sio mfukoni. Kubali mzigo ufunguliwe akaunti yake peke yake na stoo iwe na funguo mbili. Benki ikikuomba dhamana ya nyumba sawa, ila mkataba useme inaguswa tu kama umefanya uzembe au umevunja masharti, sio hasara ya kawaida ya soko. Na jihadhari na sentensi moja kwenye rasimu: "benki italipwa faida ya asilimia 9 ya mtaji wake". Mgao ni asilimia ya faida iliyopatikana. Ikishakuwa asilimia ya mtaji umerudi kwenye mkopo, na hata jina la musharaka juu ya ukurasa halibadilishi kitu.

Mudaraba ni hivyo hivyo ila mtaji wote ni wa mmoja na mwingine anatoa kazi. Hasara ikija mwenye hela anapoteza hela, mwenye kazi anapoteza jasho lake. Benki kumpa mteja mdogo mudaraba ni nadra sana, utakutana nayo kinyume, wewe ndo mwenye mtaji: ile akaunti ya akiba au ya muda maalum ya benki ya kiislamu mara nyingi ni mudaraba. Unaweka hela, benki inaifanyia kazi (nyingi inaishia kwenye murabaha za akina wewe wa bajaji), faida mnagawana kwa uwiano ulioandikwa kwenye fomu, tuseme 50 kwa 50. Kile kiwango cha faida kwenye tangazo ukutani ni makisio kutokana na miezi iliyopita, mwezi huu inaweza kuja chini na huna wa kumdai. Kabla ya kuweka hela ndefu omba uone walilipa ngapi kwa robo nne zilizopita, na usome uwiano, sababu benki mbili zenye makisio yanayofanana zinaweza kuwa moja inakupa nusu ya faida na nyingine inakupa theluthi.